Maombi 187 ya mhasibu, nafasi moja, mchujo unaanzia wapi?

Afisa_Mpweke

Habari zenu wakuu. Kampuni yetu ya usambazaji iko Mwanza, ni ya kati tu, na idara nzima ya utumishi ni mimi. Tulitangaza nafasi ya mhasibu mmoja, dirisha limefungwa juzi na nina maombi 187. Tangazo lilisema hivi:

Shahada ya uhasibu au fedha. CPA(T). Uzoefu usiopungua miaka 3 kwenye kazi ya uhasibu. Ujuzi wa kuandaa na kuwasilisha ritani za kodi. Ujuzi wa Tally au QuickBooks. Mawasiliano mazuri na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Umri usiozidi 35.

Bosi anataka majina 8 ya usaili Ijumaa ijayo. Nimesoma CV 20 za kwanza na tayari sikumbuki ya tatu ilikuwaje. Nyie mnachujaje?

MkoaniKahama

Rahisi sana hiyo dada. Tengeneza alama 100. Shahada 30, CPA 30, uzoefu 25, kompyuta 15. Kila CV mpe alama zake, panga kutoka juu kwenda chini, chukua 8 wa kwanza. Za PDF fungua, bonyeza Ctrl+F, andika CPA, isiyo nayo weka pembeni. Siku moja umemaliza.

Kichujio

Mkuu wa Kahama, alama zina nafasi yake, ila si mwanzoni. Chukua mizani yako hiyohiyo. Mtu ambaye hana CPA kabisa lakini ana shahada nzuri, uzoefu mrefu na kompyuta safi anapata 30 + 0 + 25 + 15, yaani 70. Mwenye vigezo vyote ila kwa kiasi anapata, tuseme, 22 + 30 + 12 + 5, yaani 69. Umempitisha asiyekidhi tangazo na kumwacha anayekidhi. Ukijumlisha sharti pamoja na sifa ya ziada, sifa ya ziada inaziba pengo la sharti.

Na Ctrl+F itakuangusha mara mbili. Watu wengi wanapiga vyeti picha au wanaskani CV nzima, kwa hiyo ndani ya PDF hakuna maandishi ya kutafutwa na mwenye CPA halisi anaonekana hana. Upande wa pili, "natarajia kuanza CPA mwakani" nayo inapatikana ukitafuta CPA.

Afisa, kabla hujafungua CV ya 21, funga faili na urudi kwenye tangazo. Kila mstari uulize: je, hili linaonekana kwenye karatasi? Na kama linaonekana, ushahidi wake ni upi? Shahada inaonekana. CPA inaonekana. Miaka inahesabika. Kodi na Tally vinaonekana kwa viwango. "Kufanya kazi chini ya shinikizo" haionekani popote. Mtu akiiandika ameandika tu, asipoiandika hujui kitu. Hiyo iondoe kwenye mchujo, ipeleke kwenye usaili. Mawasiliano vilevile, usije ukampa mtu alama za mawasiliano kwa sababu CV yake ina rangi nzuri.

Baada ya hapo una mizunguko miwili. Wa kwanza ni wa masharti matatu tu: shahada, CPA, miaka 3. Hapa hakuna alama. Kila kisanduku kina jibu moja kati ya matatu: N kwa ndiyo, H kwa hapana, na alama ya kuuliza pale CV isipoeleza. Usilazimishe ndiyo au hapana pale ambapo CV imekaa kimya. H moja tu inamtoa mtu, na ukishaiona huna haja ya kusoma barua yake ya maombi. Dakika moja na nusu kwa CV inatosha, kwa hiyo 187 ni saa tano hivi. Wa pili ndio wa alama, kwa waliobaki peke yao.

Zile 20 ulizokwisha soma zirudie kwa utaratibu huu. Umezisoma kwa jicho tofauti.

Mhitimu_22

Samahani wakubwa, sasa CV yangu niiandikeje ili ipite? Nimeomba sehemu kumi na moja sijaitwa hata moja. Nina shahada ya uhasibu na CPA nimebakiza masomo mawili. Kwenye barua huwa naandika kwamba najituma na najifunza haraka.

Chumvi_Nyingi

Mdogo wangu, uzi ni wa upande wa pili wa meza huu 😂

Mama_Leja

Msimcheke, kwa bahati ameshika jambo muhimu. Mwanangu, masomo mawili yaliyobaki andika wazi: mtihani wa mwisho unaufanya lini na masomo gani yamebaki. Halafu omba nafasi zinazosema CPA ni sifa ya nyongeza. Panapotajwa kama sharti utatoka kwenye mzunguko wa kwanza hata ujitume vipi.

Sasa Afisa, sikiliza. Neno CPA(T) kwenye tangazo lako lina mlango wa nyuma. NBAA wana madaraja. Kuna aliyefaulu mtihani wa mwisho lakini hajakamilisha uzoefu wa vitendo unaotakiwa, huyo husajiliwa kama ACPA. Kuna CPA kamili, na kuna CPA-PP ambao ndio wenye ruhusa ya kufungua ofisi ya ukaguzi. Na kuna waliofaulu mtihani halafu hawakujisajili kabisa. Wote hao kwenye CV wanaandika "CPA(T)" mbele ya jina. Amua leo, kabla hujaangalia ya mtu, unamaanisha nini: kufaulu mtihani, au kusajiliwa kama CPA? Kwa kazi ya mhasibu wa kampuni mimi ningekubali aliyefaulu mtihani wa mwisho, pamoja na ACPA, kwa sababu tangazo halikutaja usajili. Ukiamua vinginevyo sawa, ila iwe kwa wote.

Ushahidi ni cheti au taarifa ya matokeo, pamoja na namba ya usajili kwa waliosajiliwa. Usajili unathibitishwa NBAA kwenyewe. Si lazima kwa 187, fanya kwa wale 8.

Mnairobi_Halisi

Huku Kenya ni hivyo hivyo tu. Mitihani ni ya KASNEB, uanachama ni wa ICPAK, na mtu anaweza kuwa na cha kwanza bila cha pili. Halafu kuna wale wa mtaala wa zamani wanaoandika "CPA sehemu ya nne". Sehemu zilikuwa sita, kwa hivyo huyo bado hajamaliza. Afisa ukipata mwenye CPA(K), tangazo lako lilisema (T). Utamfanya nini?

Afisa_Mpweke

Ninao wawili wa (K). Sijajua. Mama_Leja asante sana, nimeandika "amefaulu mtihani wa mwisho wa NBAA, usajili si sharti".

Swali jingine ni la miaka. Mwombaji namba 043 ameandika hivi: "2019 – 2022 mhasibu msaidizi, duka la jumla. 2022 – 2023 karani wa stoo." Je, ana miaka 3 ya uhasibu au hana?

Kichujio

043 ni alama ya kuuliza, na hesabu yake ni hii. Akiwa alianza Januari 2019 na kumaliza Desemba 2022, hiyo ni miezi 48. Akiwa alianza Desemba 2019 na kumaliza Januari 2022, ni miezi 26 ukihesabu mwezi wa kuanza na wa kumaliza. Unatafuta 36, na 36 iko katikati ya 26 na 48. CV haijakujibu. Kama miezi ya chini kabisa inayowezekana ingekuwa imefika 36, ungeandika N bila kumuuliza. Kama ya juu kabisa isingefika, ungeandika H.

Ukarani wa stoo usiuhesabu isipokuwa majukumu aliyoandika yana uhasibu ndani yake, kama kulinganisha hesabu za stoo na leja. Cheo peke yake hakitoshi, kwa kumjumuisha wala kwa kumtoa. Kwenye maduka mengi "mhasibu" ni anayepokea pesa kaunta, na kwenye mashirika mengine "afisa fedha" ndiye anayefunga vitabu vya mwezi. Soma mistari iliyo chini ya cheo.

Kuhusu miezi ya fildi ya chuoni: mimi siihesabu. Intani wa mwaka mzima baada ya kuhitimu namhesabu. Wapo wanaofanya kinyume, kikubwa iandikwe kabla.

Na jihadhari usiongeze maneno ambayo tangazo halina. Umesema miaka 3 ya kazi ya uhasibu. Hukusema miaka 3 baada ya kupata CPA. Ukianza kuhesabu kuanzia tarehe ya CPA utakuwa umewatoa watu kwa sharti ambalo hawakuliona.

MkoaniKahama

Miaka mbona Excel inahesabu yenyewe? Weka tarehe ya kuanza G, ya kumaliza H, halafu:

```
=DATEDIF(G2,H2,"m")
```

Kazi mbili unajumlisha tu. Kichwa hakiumi.

Kichujio

Fomula ni sahihi nusu. Weka 1/1/2021 na 31/12/2021 uone, itakupa 11 badala ya 12, kwa sababu inahesabu miezi iliyotimia kati ya tarehe mbili na siku ya mwisho haiingii. Mtu mwenye kazi tatu anapoteza miezi mitatu hivihivi. Ongeza siku moja:

```
=DATEDIF(G2,H2+1,"m")
```

Kujumlisha ndiko kubaya zaidi. Mtu alifanya kazi ya kwanza Januari 2020 hadi Desemba 2021, miezi 24. Ya pili ni ya jioni, Julai 2021 hadi Juni 2022, miezi 12. Ukijumlisha unapata 36, amepita. Lakini kutoka Januari 2020 hadi Juni 2022 ni miezi 30 tu ya kalenda, ile sita ya katikati umeihesabu mara mbili. Kwa hiyo kila mwenye kazi zaidi ya moja, kwanza tazama kama tarehe zinapandana.

MkoaniKahama

Hapo kwenye kupandana nimekuelewa. Ila aliyefanya kazi mbili kwa wakati mmoja si amejifunza zaidi? Mimi bado ningempa 36 zake.

Afisa_Mpweke

Wakuu nimekwama. Nimemaliza mzunguko wa kwanza. Sita walikuwa wameomba mara mbili kwa baruapepe tofauti, nimewagundua kwa namba za simu, kwa hiyo wamebaki 181. Masharti matatu nimeyaweka D, E na F, halafu nikaandika hii:

```
=IF(COUNTIF(D2:F2,"H")>0,"Ametoka",IF(COUNTIF(D2:F2,"?")>0,"Ulizia","Anaendelea"))
```

Inasema 139 wametoka, na hao ni kweli. Lakini wote 42 waliobaki wameandikwa "Ulizia". Hakuna hata mmoja "Anaendelea", na nina watu wenye N tatu safi kabisa!

Seli_A1

Tatizo ni alama yako ya kuuliza. Ndani ya COUNTIF, `?` haimaanishi alama ya kuuliza, inamaanisha "herufi yoyote moja". N ni herufi moja, kwa hiyo nayo inahesabiwa. Weka mawimbi mbele yake, `"~?"`, itasomwa kama ilivyo. Au tumia U badala ya alama ya kuuliza, usijisumbue.

Halafu kabla hujaiamini, chukua mistari mitano uihesabu kwa macho. Kosa la aina hii halipigi kelele, lingekuwa limetoa 23 badala ya 0 wala usingeshtuka.

Afisa_Mpweke

Imekubali! Na ajabu umetaja namba yenyewe: 23 wanaendelea, 19 wa kuulizia.

Dada_Kifungu

Nimesoma kimya kimya nikisubiri mtu ataje "umri usiozidi 35". Hakuna. Afisa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi, na umri umetajwa humo pamoja na jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, dini, kabila na vinginevyo. Na sera za ajira kwa maana ya kifungu hicho zinaingia mpaka kwenye matangazo na vigezo vya kuchagua watu. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba sifa fulani ni ya lazima kwa asili ya kazi yenyewe, lakini niambie ni leja gani inayomkataa mtu wa miaka 38.

Kwenye jedwali lako usiweke safu ya umri, ya jinsi, wala ya ndoa. Picha na jina vifunike kwenye mzunguko wa alama, tumia namba ya mwombaji. Na hizo CV usizitume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na humo ndani mna namba za NIDA na anwani za watu.

Chumvi_Nyingi

Bosi ndiye aliyeandika 35 na bosi ndiye anayelipa mshahara. Afisa akiifuta atafutwa yeye.

Dada_Kifungu

Asiifute kimyakimya. Amwandikie bosi mistari mitatu aeleze kifungu. Uamuzi uwe wa bosi, maandishi yawe yake Afisa.

Afisa_Mpweke

Nimemwandikia. Amejibu "tutaona". Kwa sasa sijatumia umri popote. Sasa 19 wa kuulizia, niwapigie simu?

Kichujio

Usipige, andika. Simuni utamsaidia uliyependa sauti yake bila kujua. Tuma ujumbe mmoja kwa wote, wenye swali lilelile na muda uleule: "Tafadhali taja mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza kila kazi ya uhasibu, na uambatishe matokeo ya mtihani wa mwisho wa NBAA." Wape saa 48. Asiyejibu anabaki nje, na sababu iandikwe "hakujibu", usiandike "hana sifa".

Wakati unasubiri, tengeneza ngazi za alama kwa yale mawili, kodi na programu. Sifuri mpaka tatu inatosha. Ukiweka sifuri mpaka kumi utajikuta unabishana na nafsi yako kati ya 6 na 7. Kila ngazi iwe na maneno yake. Kodi namwachia Mama_Leja.

Mama_Leja

Kodi: 0 hajataja. 1 ametaja tu, "nina ujuzi wa masuala ya kodi". 2 amesema alichofanya kwa mkono wake, "niliandaa na kuwasilisha ritani za VAT na PAYE kila mwezi". 3 amesema hayo na amepita penye moto: amesimamia ukaguzi wa TRA, amejibu pingamizi, au amelinganisha mauzo ya mashine za EFD na ritani na kueleza tofauti.

Angalizo moja. Wapo waliochukua maneno ya tangazo lako wakayabandika kwenye CV kama yalivyo. "Ujuzi wa kuandaa na kuwasilisha ritani za kodi", neno kwa neno, chini ya kila kazi, hata ile ya ukarani. Hiyo ni 1, haipandi. Aliyefanya kazi ana vitu ambavyo tangazo halikumpa: jina la ritani, kila lini, kwa matawi mangapi. Na kwenye usaili muulize PAYE inawasilishwa lini na VAT lini. Aliyezoea atakujibu tarehe 7 na tarehe 20 kabla hujamaliza swali.

Kichujio

Hapo hapo. Na usipige alama peke yako. Tafuta mtu wa pili, mhasibu mkuu wenu akiwepo. Wote wawili pigeni alama CV kumi zilezile bila kuonyeshana, halafu mlinganishe. Mkitofautiana kwa ngazi moja hapa na pale, sawa. Mkitofautiana kwa mbili, maneno ya ngazi hayajaeleweka. Yarekebisheni, kisha zile kumi zipigwe upya. Baadaye mmoja aanzie juu ya orodha, mwingine aanzie chini, maana CV ya ishirini na tano inasomwa na macho yaliyochoka.

Mwisho, rudi kwa wale 139. Chomoa 14 bila kuchagua, yaani kila wa kumi, mpe mwenzako awaangalie. Akipata hata mmoja aliyetolewa kimakosa, angalia ni sharti lipi lilimtoa, kisha rudia wote waliotolewa kwa sharti hilo.

Afisa_Mpweke

Mrejesho. Katika wale 19, wamejibu 12, na 7 wamekidhi. Kwa hiyo tumepiga alama watu 30, mimi na mhasibu mkuu. Kumi za mwanzo tulitofautiana vibaya kwenye Tally: yeye alimpa 3 yeyote aliyeitaja, mimi nilitaka niambiwe alifanya nini nayo. Tumekubaliana kwamba 2 ni kuingiza miamala na kufunga mwezi, 3 ni kuisimika au kuhamisha hesabu kutoka mfumo mwingine.

Katika wale 14 wa kuhakiki, mmoja nilimkosea. CV yake iliandika "shahada ya biashara" nikampa H, kumbe ukurasa wa pili una mchepuo wa uhasibu. Nimerudia wote 31 waliotolewa kwa shahada, nimepata mwingine kama huyo. Wawili hao wamekidhi masharti yote, wameingia, kwa hiyo tuko 32. 043 naye amejibu: Machi 2019 hadi Februari 2022, miezi 36 kamili. Amepita kwa ncha ya sindano.

Nina saba wa wazi. Nafasi ya nane wamelingana wawili, alama 4 kila mmoja. Mmoja ni 043. Mwingine ana miaka 14, aliwahi kuwa meneja wa fedha. Mhasibu mkuu anasema huyu ataondoka baada ya miezi mitatu, tusimwite.

MkoaniKahama

Kweli ataondoka. Mtu wa miaka 14 hawezi kukaa kwenye mshahara wenu.

Dada_Kifungu

Hilo mmelisoma wapi kwenye CV? Tangazo lilisema "usiopungua", halikuweka dari. Na kwa miaka 14 kazini, "ataondoka" ni "umri usiozidi 35" iliyobadilisha nguo.

Kichujio

Mimi ningewaita wote wawili, tisa badala ya nane, na mshahara utajwe kwenye mwaliko wa kila mmoja wao. Asiyeutaka atasema mwenyewe.

Mnairobi_Halisi

Na wale wawili wa CPA(K)? Hamkunijibu.

Afisa_Mpweke

Wako ndani ya 139, tangazo lilisema (T). Nimewaandikia sababu hiyo hiyo kwenye safu yao. Bado inaniwasha kidogo, mmoja wao alikuwa na kodi ya ngazi ya 3, ingawa ni kodi ya huko kwenu.

Mama_Leja

Kanuni za huko si za huku. Lakini tangazo lijalo andikeni "au sifa inayotambuliwa na NBAA", halafu mtu kama huyo ataleta barua yake ya utambuzi mwenyewe.